Kipindi Unakipinda: Barua kwa Mhariri

Barua hii nilimwandikia mhariri wa tafsiri yangu mpya ya riwaya ya Alisi, ile ya Lewis Carroll iliyotoka London mwaka 1865. Alikuwa amenirudishia sura ya tisa ikiwa na maswali pembeni, na swali moja lilihitaji jibu refu kuliko nafasi ya pembeni. Ameniruhusu niiweke hapa. Nimeondoa jina lake, jina la kampuni, na habari za malipo, ambazo hazimhusu msomaji.

Dada Mhariri,

Salamu kwako na kwa wenzako wote hapo ofisini. Sura ya tisa nimeipokea, na masahihisho yako mengi nimeyakubali bila ubishi. Limebaki lile la mazungumzo ya Alisi na wale viumbe wawili, Grifoni na Kasa Bandia, kuhusu shule ya baharini. Umeandika pembeni kwa kalamu nyekundu: “Kwenye Kiingereza ni saa kumi, hapa umeweka vipindi kumi. Na kwenye Kiingereza masomo yanapungua, hapa vipindi vinapindwa. Rudisha ya mwandishi, au weka tanbihi.” Ni swali la haki, na najua mchapishaji mwenyewe ataliuliza kitabu kikifika mezani kwake. Kwa hiyo naandika kwenu nyote wawili.

Kwanza niweke kipande chenyewe hapa, kama kilivyo kwenye muswada, ili tuzungumze kitu tunachokiona:

“Na mlikuwa na vipindi vingapi kwa siku?” akauliza Alisi, akiwa na haraka ya kubadilisha mazungumzo.
“Siku ya kwanza kumi,” akasema Kasa Bandia, “ya pili tisa, na kuendelea.”
“Ratiba gani hiyo!” akashangaa Alisi.
“Ndiyo maana vikaitwa vipindi,” akasema Grifoni. “Kila siku kimoja unakipinda.”
Hilo lilikuwa jipya kwa Alisi, akalitafakari kidogo kabla ya kusema tena. “Basi siku ya kumi na moja ilikuwa likizo?”
“Sasa je!” akasema Kasa Bandia.
“Na siku ya kumi na mbili mlifanyaje?”
“Vipindi vimetosha,” Grifoni akakata maneno. “Hebu sasa msimulie habari za michezo.”

Nianze na saa, kwa sababu hapo ndipo tafsiri ya neno kwa neno inapoanguka mapema, kabla hata hatujafika kwenye mzaha. Jaribu kuandika “Siku ya kwanza saa kumi, ya pili saa tisa.” Mtoto wa Morogoro au wa Mombasa akisoma hivyo anaelewa nini? Anaelewa kwamba siku ya kwanza waliachiwa saa kumi jioni, na siku ya pili saa tisa alasiri. Hakuna atakayeelewa kwamba walikaa darasani muda wa saa kumi. Saa zetu zinataja wakati kabla hazijataja muda.

Ungeweza kusema, sawa, bado zinapungua. Zinapungua, lakini hazifiki pale Carroll anapozipeleka. Hesabu nami. Siku ya kumi tungekuwa saa moja asubuhi, wakati watoto ndiyo kwanza wanafagia uwanja wa shule. Siku ya kumi na moja tungerudi nyuma mpaka saa kumi na mbili alfajiri. Saa ya ukutani haina sifuri! Swali la Alisi kuhusu likizo ya siku ya kumi na moja lingekuwa halina mguu wa kusimamia, na msomaji mwangalifu angedhani Alisi hajui kuhesabu, wakati katika kipande hiki chote yeye ndiye pekee anayejua.

Ipo njia ya kuokoa saa. Naweza kusema “muda wa saa kumi,” au “masaa kumi,” kama watu wanavyosema mitaani kila siku wanapotaka kutofautisha muda na wakati. Lakini nakujua, dada. Hiyo “masaa” ungeifuta kwanza, kisha ndiyo unipigie simu. Na “muda wa saa kumi siku ya kwanza, muda wa saa tisa siku ya pili” ni lugha ya mkataba wa kazi, haiwezi kuwa jibu la mnyama anayelia kwikwi.

Sasa tuje kwenye mzaha wenyewe. Kwa Kiingereza, neno la somo na neno la kupungua yanatamkwa sawasawa. Ukifumba macho huwezi kuyatofautisha. Grifoni anatumia bahati hiyo kutoa maelezo kwa sauti ya mwalimu mkuu: masomo huitwa hivyo kwa kuwa hupungua siku hadi siku. Maneno hayo mawili hayana undugu wowote. Lile la somo lilitoka Kilatini kupitia Kifaransa, na asili yake ni kusoma. Lile la kupungua ni la Kiingereza chenyewe cha zamani. Yamekutana masikioni tu.

Angalia basi jambo linalonichekesha kila nikilifikiria. “Somo” letu limetokana na kusoma, kama lao. Yaani “masomo” ni tafsiri sahihi ya neno lile mpaka kwenye mzizi wake, hakuna kamusi itakayokupa neno bora zaidi. Na ukiliweka hapo unapata hivi: “Yanaitwa masomo kwa sababu yanapungua siku hadi siku.” Msomaji atasimama. Atarudi nyuma asome tena akitafuta alichokosa. Hatakiona, maana hakipo. Kisha atahitimisha kwamba mfasiri kakosea, au mpiga chapa karuka mstari. Kila neno litakuwa sahihi na sentensi nzima itakuwa ya uongo, kwa sababu “ndiyo maana” itakuwa imeunganisha vitu viwili visivyogusana.

Hapo ndipo nilipoacha kutafuta neno na kuanza kuuliza mzaha huu unafanya kazi gani ndani ya ukurasa. Carroll, kama unavyojua, jina lake halisi lilikuwa Charles Dodgson, na kazi yake ilikuwa kufundisha hesabu katika chuo cha Christ Church, Oxford. Kipande hiki kimeandikwa na mtu wa hesabu. Kwanza anaweka mfuatano: kumi, tisa, na kuendelea. Halafu Grifoni anatoa sababu ya kijinga kwa uso mkavu kabisa, sababu inayotokana na sauti ya neno. Kisha Alisi, badala ya kuucheka ujinga huo, anauchukulia kwa uzito na kuufuata hatua kwa hatua mpaka kwenye sifuri, halafu anathubutu kuvuka. Siku ya kumi na mbili ingekuwa na saa ngapi? Moja chini ya sifuri. Grifoni hana jibu, ndiyo maana anageuza mazungumzo kuwa ya michezo, kama mtu mzima yeyote aliyebanwa na swali la mtoto.

Kwa hiyo mzaha wa maneno ni mlango tu, na nyumba iko nyuma yake. Mfasiri anayebaki na mlango bila nyumba amepoteza, na anayebaki na nyumba bila mlango amepoteza pia. Nilihitaji neno ambalo mtoto wa shule anatumia kweli kwa jambo hilo. Nilihitaji sauti yake izae kitendo cha kupunguza. Kitendo hicho kiondoe kimoja kimoja, si kwa mkupuo, na kiruhusu kufika sifuri. Neno la Kiingereza lenyewe sikulihitaji tena.

Nikiri kwamba kabla ya vipindi nilikuwa na mzaha mwingine, na ulichekesha zaidi. Huu hapa: “Ndiyo maana yakaitwa mafunzo. Kila siku yanaliwa na funza.” Nilipowasomea watoto wa dada yangu na rafiki zao kibarazani, huu wa funza uliwaangusha chini kwa kicheko. Mdogo wao alikuwa bado anaurudia wakati wa kunawa mikono. Kwa sauti hauna kasoro, funza na kufunza ni herufi zilezile. Labda utashangaa kwa nini niliuacha.

Niliuacha kwanza kwa sababu ya hesabu. Funza hana nidhamu. Hali saa moja kwa siku akasimama. Watoto walicheka, lakini nilipoendelea kusoma mpaka swali la siku ya kumi na moja, hakuna aliyekuwa akihesabu tena. Kicheko kiliwakatia njia, wakabaki na picha ya mdudu, na Alisi akaonekana kama anauliza kitu ambacho hakijatokana na chochote. Nilipowauliza siku ya kumi na mbili ilikuwaje, mmoja alijibu kwamba funza walikuwa wameshiba. Jibu zuri sana, ila ni la kitabu kingine.

Pili, “mafunzo” siku hizi ni neno la watu wazima. Ni la semina, la ukumbi wa mikutano na chai ya saa nne. Mtoto haendi kwenye mafunzo, anaenda kwenye vipindi. Na tatu, ambalo wewe ungeliona mapema kuliko mimi: kuna sehemu zetu ambako mtoto mwenye funza miguuni anachekwa mpaka anaacha shule. Sikutaka kitabu kimpe jirani yake wa dawati neno jipya la kumchekea.

Kipindi kilikuja kwa njia ya kawaida kabisa, kwa fundi cherehani. Unajua sare za shule zinavyonunuliwa. Mzazi ananunua kubwa, fundi anapinda chini, na mtoto akirefuka pindo linafumuliwa kidogo mpaka kitambaa kiishe. Binti mmoja alikuwa amekaa hapo akingoja sketi yake huku akimlalamikia mama yake kwamba kesho wana vipindi vinane. Maneno mawili, kupinda na vipindi, yalikuwa kwenye chumba kimoja, na mimi nilikuwa nimekaa katikati.

Sasa tazama sarufi yetu inavyosaidia hapa, maana ndiyo sababu kubwa ya kuutetea mzaha huu. Nilianza na “kimoja kinapindwa.” Ilikuwa sawa lakini imepoa, kile kitenzi cha kutendwa kinafunika sauti. Nikajaribu “unapinda kimoja,” ikachangamka. Kisha nikaigeuza: “kimoja unakipinda.” Isome kwa sauti. Ndani ya “unakipinda” kuna “kipinda,” karibu sawa kabisa na kipindi, irabu moja tu ya mwisho imebadilika. Sikulazimisha. Kile kiambishi “ki” kimejiweka chenyewe kwa sababu kipindi ni cha ngeli ya ki na vi, na ngeli inadai upatanisho. Kiingereza kilipata maneno mawili yanayofanana kwa bahati. Sisi tunayapata kwa kanuni, na mtoto yeyote anayezungumza Kiswahili anayo kanuni hiyo mdomoni hata kama hajawahi kusikia neno ngeli.

Na hesabu inasimama. Vipindi huhesabika, kimoja, viwili, kumi. Vipindi kumi kwa siku ni vingi lakini vinaaminika, mtoto atawaonea huruma viumbe hawa wa baharini. Kila siku kinapindwa kimoja, siku ya kumi kinabaki kimoja, ya kumi na moja hakuna. Nilipowasomea walewale, kicheko kilikuwa kidogo kuliko cha funza. Lakini mkubwa wao alinyanyua vidole akaanza kukunja kimoja kimoja, na kabla sijafika kwenye mstari wa Alisi akasema mwenyewe, “Sasa si vitaisha?” Hapo nilijua mzaha umefika. Alipofika siku ya kumi na mbili alisita, kisha akasema labda unapinda mpaka unaanza kufumua. Sina hakika Dodgson mwenyewe angelijibu vizuri zaidi.

Umependekeza tanbihi. Sina ugomvi na tanbihi kwa jumla. Pale panapotajwa supu ya kasa wa uongo, ambayo Waingereza waliipika kwa kichwa cha ndama ili ifanane na supu ya kasa, nimekubali maelezo mafupi mwishoni mwa kitabu, kwa sababu bila hayo hakuna atakayeelewa kwa nini mchoraji John Tenniel alimchora huyu kasa na kichwa cha ndama. Hiyo ni habari, na habari inaelezeka vizuri kwenye tanbihi. Mzaha hauelezwi hivyo. Tanbihi yako ingelazimika kusema kwamba kuna maneno mawili ya Kiingereza yanayofanana kwa sauti, iyaandike, ieleze yanavyotamkwa, kisha imwombe mtoto arudi juu acheke. Mwalimu anayesoma kwa sauti mbele ya darasa angefanyaje hapo? Angeruka tu.

Tena kipande hiki hakiko peke yake. Sura nzima ni shule ya maneno yaliyopotoka. Matendo manne ya hesabu yanatajwa kwa majina ya vituko, nami nimefanya vivyo hivyo: kutoa kumekuwa kutoroka, kugawanya kumekuwa kugombanisha, na hapo hukuweka alama yoyote ya kalamu. Mwalimu wao, kasa mzee, wanamwita Kobe, na sababu niliyompa ni kwamba “alitukoboa ujinga.” Huo naukubali kuwa dhaifu kidogo, ukipata bora niambie. Kama tumeyaruhusu hayo yote kisha tukaganda kwenye neno kwa neno mahali pamoja, msomaji ataona kiraka.

Utauliza mwandishi angesemaje. Mwandishi aliye hai unamwandikia, naye anakujibu. Carroll alifariki mwaka 1898, lakini jambo hili alishalitolea kauli akiwa hai. Mwaka 1869 ilitoka tafsiri ya Kijerumani iliyofanywa na Antonie Zimmermann. Mwanzoni mwake kuna maneno ya shukrani kutoka kwa mwandishi. Anamshukuru mfasiri kwa kuziondoa baadhi ya nyimbo za watoto za Kiingereza alizozifanyia dhihaka, ambazo watoto wa Kijerumani wasingezielewa, na kuweka mahali pake dhihaka za mashairi wanayoyajua. Na yanaendelea: pale michezo ya maneno ilipokuwa haitafsiriki, imewekwa ya Kijerumani inayofaa, na kwa hiyo kitabu kina deni kwa ustadi wa mfasiri peke yake. Hapo mwenye kitabu aliruhusu kitu hikihiki unachokitilia shaka, na tena akashukuru.

Ruhusa hiyo ina mipaka, na mipaka yangu naitaja ili usidhani nimejipa uhuru wa kuandika riwaya upya. Sikuongeza mzaha pale ambapo yeye hana. Sikumpa Grifoni mstari wa ziada wa kufafanua kupinda, ingawa nilishawishika, kwa kuwa yeye hafafanui. Idadi ya mistari ni ileile, anayeuliza ni yuleyule na anayekata maneno ni yuleyule. Pia nimelazimika kufuata neno langu mpaka mwisho: Grifoni anaposema yametosha, kwa Kiingereza anataja tena lile neno la somo, kwa hiyo kwangu lazima aseme “vipindi vimetosha.” Ukirudisha “masomo” pale tu, uzi unakatika.

Kilichopotea nakitaja pia. Kwa Kiingereza ufanano ni wa neno zima, na undugu ni wa uongo mtupu. Kwetu, kipindi, pindi, pindo na kupinda yanasikika kama watu wa ukoo mmoja, kwa hiyo Grifoni wangu anaonekana mjinga kidogo tu, na pengine mwalimu fulani atakubaliana naye. Na kwa msomaji ambaye kwao fundi anakunja nguo wala hapindi, sauti itabaki lakini picha itafifia. Nimelipima hilo na naona hasara inabebeka. Msomaji wa Kiswahili alishampata Elisi wa tafsiri ya mwaka 1940 na Alisi wa tafsiri ya mwaka 2015. Wa tatu hana sababu ya kuwapo asipoweza kuchekesha kwa sauti yake mwenyewe.

Naomba basi kipande kibaki. Mchapishaji akihitaji maelezo zaidi, mpe barua hii yote.

Na mawili ya upangaji kurasa. Maneno “vipindi” na “unakipinda” yasiwekwe kwenye herufi za mlazo wala alama za kunukuu, mtoto ayagundue mwenyewe. Na mpangaji asikate “unakipinda” mwishoni mwa mstari. Kwenye sampuli uliyonitumia neno limekatwa baada ya “una,” na “kipinda” imekaa peke yake mstari wa chini ikipiga kelele. Asogeze nafasi za maneno ya juu kidogo, litaingia lote.

Wako katika kazi,
Mfasiri